Fleksibo ilichakaa, sakafu haikuchakaa

(Haya niliyaongea kwenye kikao cha wenye nyumba na wapangaji, watu wakaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na maswali ya mwisho, kwahiyo msinitafutie kosa la nukta na mkato.)

Haya asanteni, kaeni jamani, wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana nimeleta kitu nataka mkione kwa macho. Hii hapa. Naona wengi mnaijua, ni ile paipu fupi inayopinda, inatoka kwenye koki ya ukutani inaenda kwenye bomba la sinki, mafundi wanaiita fleksibo. Ndani kuna mpira, nje umesukiwa nyuzi za chuma, na kila mwisho kuna kikombe cha chuma kilichobanwa kuzishika nyuzi zisichomoke. Sasa angalieni hapa karibu na nati, nyuzi zimegeuka rangi ya chai na zingine zimekatika, halafu mpira umetokeza kwenye hilo tundu kama puto na umepasuka, mpasuko wenyewe hauzidi urefu wa kidole gumba. Ipitisheni kwa mwenzako, ila irudi, tafadhali, maana hiki kipande ndo kilimnyima mtu klemu yake ya bima na hikihiki ndo kikamrudishia.

Mimi nimefanya kazi ya uasesa miaka mingi, yaani yule mtu anayetumwa na kampuni ya bima kuja kuangalia hasara ukishapeleka klemu. Siku hizi nipo upande wa pili, nawaandikia ripoti wateja waliokataliwa. Na katika barua za kukataliwa zinazonifikia, sababu inayorudi kuliko zote sio mteja kudanganya wala kuchelewa kulipa ada. Ni ule mstari mmoja, ambao nimeusoma mpaka naweza kuuimba: "hasara hii imetokana na uchakavu, uharibifu wa polepole au kasoro ya kitu chenyewe, kwahiyo hailipwi". Mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye sentensi moja, na mteja anaambiwa achague mwenyewe ni lipi limempata.

Tuseme ukweli kwanza, huo mstari una haki ya kuwepo. Bima inauza "huenda", haiuzi "lazima". Rangi ya ukuta lazima ififie, mpira lazima ukauke, chuma kikikaa kwenye unyevu lazima kishike kutu, na mtu akikubali kulipia lazima basi hiyo sio bima tena, ni mfuko wa matengenezo, na ada yake ingekuwa kubwa kuliko bei ya vitu vyenyewe. Kuna kesi ya zamani Uingereza, ya mwaka 1921, shehena ya sufu imefika ikiwa imelowa na kuharibika, na bima yake ilikuwa ile ya hatari zote. Jaji Sumner akasema hata hatari zote zina mpaka, bima inafunika hatari na sio jambo la uhakika, kitu kinachokipata mzigo kutoka nje, sio tabia ya mzigo wenyewe ukiwa safarini kama kawaida. Mpaka leo kampuni za bima zinapenda sana kuitaja hiyo nusu ya kwanza.

Nusu ya pili hawaitaji sana. Katika kesi hiyohiyo mahakama ilisema mwenye mzigo halazimiki kuonyesha ni mvua ipi au wimbi lipi hasa lililolowesha sufu yake, inatosha aonyeshe kwamba kilichotokea ni ajali fulani kutoka nje, sio sufu kuwa sufu. Akishafika hapo, kampuni ikitaka kujificha nyuma ya kipengele cha kutolipa, kazi ya kuthibitisha ni yake. Shikeni hilo.

Sasa ile fleksibo. Kuna mama mmoja, simtaji, na kampuni yake siitaji vilevile. Alisafiri siku nne, nyumba ikabaki imefungwa. Kurudi anafungua mlango wa jikoni maji yanamfuata. Sakafu ya laminati imeinuka kwenye viungo imekuwa kama paa la mabati, makabati ya chini chipbodi imevimba mpaka milango haifungi, ukuta umelowa kutoka chini kwenda juu kama sentimita ishirini. Akafunga koki, akaita fundi, fundi akabadilisha fleksibo. Na hapa mama alifanya jambo moja la akili ambalo hata yeye hajui kwanini alilifanya, hakuitupa ile ya zamani. Aliitia kwenye mfuko akaiweka juu ya kabati. Ndo hiyo mnayopitishiana.

Ila alifanya na jambo moja lililomgharimu. Kwenye fomu ya klemu kuna sehemu imeandikwa eleza chanzo cha hasara, akaandika "paipu ilikuwa imechakaa ikapasuka". Alikuwa amemsikia fundi akisema hivyo. Fundi kasema kweli, na mama kaandika kweli, lakini neno alilolitumia ndo lilelile lililoko kwenye orodha ya visivyolipwa. Alikuwa anaeleza hali ya paipu wakati ameulizwa chanzo cha hasara. Siwafundishi kudanganya hapa, msije mkasema nimewafundisha hivyo, ukidanganya kwenye fomu umejifungia mlango mwenyewe. Ninachosema andika ulichokiona: nimerudi tarehe fulani saa fulani, nimekuta maji yanatoka kwa nguvu kwenye paipu ya sinki, nimefunga koki. Basi. Kwanini imepasuka hujui wewe, sio fundi wa metali wewe, mwachie asesa aseme halafu tutamuuliza amejuaje.

Asesa alikuja siku ya 16. Kijana mzuri tu, ana haraka, siku hiyo ana nyumba zingine tano (najua maana nilikuwa hivyohivyo). Akafungua kabati la sinki, akapiga tochi, na nyuma kule kwenye kona akakuta mbao imeoza, unachoma bisibisi inaingia kama kwenye mkate, skrubu zimeliwa na kutu, na ukuta wa nyuma una ukungu mweusi. Akapiga picha sita, zote za ile kona. Ripoti yake ikasema uvujaji ni wa muda mrefu, sio chini ya miezi sita. Kampuni ikakataa klemu nzima, kuanzia sakafu, makabati hadi ukuta.

Hapa niwape siri ya kazi. Picha ya kitu kilichooza ina nguvu kuliko maneno yote. Mtu aliyeko ofisini anayeamua klemu hajafika kwako, hajaona laminati ilivyoinuka, ameona picha ya mbao iliyooza na kwake hiyo ndo nyumba yako. Ndo maana hizi klemu zinakataliwa sana. Mara nyingi sio roho mbaya, ni kwamba nyumba yoyote iliyokaa miaka kadhaa ukiitafutia uchakavu utaupata, na ukishaupata ni rahisi kusema ndo chanzo. Hali ya kitu inachukuliwa kama sababu ya hasara. Ni sawa na mtu mzee akagongwa na gari halafu daktari akaandika amekufa kwa uzee, kwasababu kweli alikuwa mzee.

Mama akaniletea barua pamoja na ule mfuko. Nikaenda na mimi nikapiga magoti kwenye kabati lilelile. Na kweli kona imeoza, asesa hakusema uongo. Lakini nikaangalia juu ya ile kona nikakuta kiungo cha bomba la maji machafu, lile linaloshuka kutoka kwenye sinki, na chini ya nati yake kuna gamba jeupe gumu la chokaa. Gamba la hivyo halitengenezwi na maji ya siku moja. Ni tone linatoka, linakauka, linaacha chokaa kidogo, tone lingine linakuja, miezi na miezi. Halafu kwenye mbao kuna pete, mstari wa kahawia ndani ya mstari wa kahawia ndani ya mwingine, kila pete ni mara moja imelowa ikakauka. Upande wa fleksibo, ambao ni upande mwingine kabisa wa kabati, hakuna pete. Kuna mstari mmoja tu, umenyooka, unazunguka kabati lote kwa kimo kilekile, kama alama anayoacha mtu aliyejaza ndoo. Huo ni mstari wa maji yaliyokuja mara moja yakatuama.

Kwahiyo kulikuwa na uvujaji wa aina mbili. Mmoja wa zamani wa maji machafu, mdogo, uliooza kona ya kama sentimita arobaini. Mwingine wa maji safi, mkubwa, wa siku chache, uliobeba sakafu nzima. Asesa aliukuta wa kwanza akaupa lawama ya wa pili.

Lakini mimi kusema hivyo ni maneno ya mtu aliyelipwa na mteja, kampuni haina sababu ya kuniamini. Nikamwambia mama niletee bili za maji za mwaka mzima. Bili! Watu wanazitupa. Matumizi yake ya kila mwezi yalikuwa yanacheza kwenye uniti 11 hadi 13, mwezi baada ya mwezi, halafu mwezi wa tukio ni uniti 31. Uniti moja ni lita elfu moja, kwahiyo kuna kama lita 19,000 ambazo hazina maelezo. Gawanya kwa siku nne ambazo hakuwepo, inakuja kama lita tatu na kitu kwa dakika, na ikiwa paipu ilipasuka siku ya pili badala ya ya kwanza basi ni zaidi ya hapo kidogo. Mpasuko wa kidole gumba kwenye paipu yenye presha unatoa maji ya kiasi hicho bila shida.

Sasa fikirini upande wa pili. Kama fleksibo ingekuwa inavuja miezi sita kama ripoti inavyosema, mita ingekuwa imepanda polepole miezi sita, na haikupanda, ilibaki kwenye 11 hadi 13 ileile. Na ule uvujaji wa maji machafu wala mita haiwezi kuuona kabisa, kwasababu yale maji yameshapita kwenye mita kabla hayajafika kwenye sinki, yangevuja yasingevuja bili ni ileile. Yaani bili peke yake ikatenganisha uvujaji hizi mbili bila mimi kusema neno.

Ukungu je? Ukungu mweusi nyuma ya kabati ulikuwa hoja yao kubwa. Ukungu kwenye mahali penye joto na unyevu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili, na asesa alikuja siku ya 16. Mama alikuwa na picha za simu za siku aliyorudi, zina tarehe na saa, ukuta umelowa lakini ni msafi. Hiyo ikaisha hapohapo. Kuoza kwa mbao hakuwezi kufanyika siku 16, hilo linataka miezi, kwahiyo kona tukawaachia, ni yao. Kutu pia inasoma namna hiyo: ile ya rangi ya chungwa ya juujuu inayotoka ukipangusa na kidole ni ya siku chache, ile inayobanduka kama magamba na kuacha mashimo kwenye skrubu ni ya muda mrefu.

Sasa tukabaki na swali gumu kuliko yote, na hapa nilitulia sana na mama. Fleksibo yenyewe ilikuwa imechakaa, ndiyo au hapana? Ndiyo. Nyuzi zile zinakufa taratibu, na kilichoziua nilikikuta palepale, chupa mbili za dawa ya kusafishia yenye klorini zimewekwa chini ya sinki, moja kifuniko hakijakaza. Mvuke wa ile dawa unakula nyuzi za chuma hata zile zinazoitwa hazishiki kutu. Na mpira wa ndani peke yake hauna uwezo wa kubeba presha ya bomba, nyuzi ndo zinabeba, zikikatika za kutosha mpira unatokeza, halafu siku moja usiku presha imepanda kwasababu watu wamelala hawatumii maji, paa. (Ndo maana hivi vitu vinapenda kupasuka usiku au mkiwa mmesafiri, watu wanadhani ni mkosi.)

Kwahiyo kuchakaa kulichukua miaka, kupasuka kulichukua sekunde. Lipi ni chanzo? Jibu halipo kwenye paipu, lipo kwenye mkataba, na ni lazima usome sentensi nzima mpaka mwisho wake. Mikataba inaandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza inasema hatulipi "gharama ya uchakavu" au "kitu kilichochakaa". Hapo kinachotolewa ni kile kitu chenyewe, fleksibo, hawakununulii mpya. Lakini maji yaliyotoka ghafla yakaharibu sakafu ni jambo lingine, na mara nyingi kwenye ukurasa mwingine wa mkataba huohuo wameandika kabisa kwamba wanalipa hasara ya maji yaliyotoka ghafla kwenye bomba. Sakafu haikuchakaa, sakafu ililoweshwa. Namna ya pili inasema hatulipi "hasara yoyote iliyosababishwa, moja kwa moja au kwa njia yoyote, na uchakavu". Hiyo ni mbaya, ina mkono mrefu, unatoka kwenye paipu unafika mpaka sakafuni. Ukiwa na hiyo, kazi yako ni ngumu sana na siwezi kuwadanganya kwamba ripoti yangu itaivunja.

Na kuna mikataba inaandika namna ya pili halafu sentensi inayofuata inarudisha: "isipokuwa hasara inayofuatia ambayo ingelipwa kwa kawaida". Watu wanaishia kwenye nukta ya kwanza. Wa kampuni naye anayekuandikia barua anakunukulia mpaka kwenye nukta ya kwanza. Mkataba wa mama ulikuwa wa namna ya kwanza. Kwenye uharibifu wa polepole ulisema maji yanayovuja "kwa kuendelea au kwa kujirudia", mikataba mingine inaweka na idadi, siku 14 au zaidi, wake haukuweka idadi. Siku nne za maji ya kasi sio kujirudia.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja na viambatisho vinne: bili za mwaka, picha za siku ya kwanza, picha ya ule mstari mmoja pamoja na picha ya zile pete, na picha ya fleksibo kwa karibu. Na tulichofanya cha tofauti ni kugawa klemu wenyewe kabla hawajatugawia. Tuliandika wazi: fleksibo hatudai, bomba la maji machafu hatudai, kona ya kabati iliyooza hatudai. Tunadai sakafu, makabati yaliyobaki, kukausha na kupaka ukuta. Mteja akishasema mwenyewe kisicho chake, ile picha ya mbao iliyooza inakosa kazi. Wakalipa, wakakata eksesi, yaani kile kipande cha hasara ambacho mteja anabeba mwenyewe, ikachukua wiki saba. Sio ushindi mkubwa, kabati la kona alilinunua mwenyewe.

Kabla ya maswali niongelee la tatu, kasoro ya kitu chenyewe, maana hili linachanganya hata mawakili. Maana yake ni kitu kuharibika kwa asili yake, bila ajali ya nje, mbao mbichi kujikunja ikikauka, nafaka yenye unyevu kupata joto yenyewe ndani ya meli. Shida inaanza pale kitu ni dhaifu NA kimepigwa na jambo la nje. Mfano bora ni mtambo wa mafuta wa baharini, Cendor MOPU, ulibebwa mwaka 2005 juu ya tishari kutoka Galveston, Texas kwenda Lumut, Malaysia. Una miguu mitatu ya chuma, kila mmoja zaidi ya mita 90, imesimama hewani juu ya tishari. Njia nzima bahari inaitikisa, chuma kinajipinda kulia kushoto, kinachoka, wakasimama Afrika Kusini wakakagua na kurekebisha, wakaendelea. Usiku wa tarehe 4 Novemba, pwani ya Afrika Kusini, mguu mmoja ukakatika ukaanguka baharini, na siku iliyofuata miwili iliyobaki nayo ikaenda.

Kampuni ya bima ikasema hiyo ni kasoro ya asili, miguu haikuwa na nguvu ya kuhimili safari ya kawaida na bahari haikuwa na kituko chochote. Jaji wa kwanza akakubaliana nao. Mahakama ya rufaa ikaikataa hoja hiyo, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana na mahakama ya rufaa. Kwa lugha yangu mimi, walisema hivi: miguu haikujivunja yenyewe. Ilikatwa na bahari, na lilihitajika wimbi la namna fulani kuupata mguu kwa namna fulani na wakati fulani ndo ukakatika, na mmoja ulipoondoka iliyobaki ikazidiwa. Udhaifu wa kitu kushindwa kuhimili bahari sio sawa na kitu kuharibika kwa asili yake. Ukisema kila kilicho dhaifu hakilipwi basi bima imebaki ya vitu visivyoharibika, nani atainunua.

Ila msiibebe hiyo kama rungu. Ilikuwa ni bima ya baharini, sheria ya Uingereza, na maneno ya mkataba ule. Na kuna kanuni nyingine ya mahakama hizohizo, kwamba zikikutana sababu mbili zenye nguvu sawa, moja inalipwa na nyingine imetolewa waziwazi kwenye mkataba, ile iliyotolewa inashinda. Ndo maana siku zote nahangaika kutenganisha hasara vipande vipande, badala ya kubishana kipande kimoja kina sababu ngapi.

Haya maswali.

Dada mmoja aliuliza, kama bomba liko ndani ya ukuta linavuja mwaka mzima na mimi sioni, hiyo ni polepole na imekula kwangu? Kwa maneno ya mkataba peke yake, mara nyingi ndiyo. Lakini msuluhishi wa malalamiko ya fedha wa Uingereza, kwa mfano, anauliza swali la haki: mwenye nyumba angeweza kujua? Kama hakukuwa na doa, harufu wala bili kupanda, anaweza kuona sio haki kumnyima mtu kwa kitu ambacho hakuna binadamu angekiona. Uliza nchini kwako kama kuna msuluhishi wa bima na anafuata msimamo gani. Ila dada, siku ukiona doa la kwanza, hiyo hoja inaanza kuisha. Ukikaa nalo miezi mitatu ukisubiri mwisho wa mwezi, ya miezi hiyo mitatu ni yako. Piga picha, toa taarifa kwa maandishi, tengeneza, na kile kipande alichokitoa fundi kitie kwenye mfuko.

Mzee mmoja akauliza kuhusu paa, upepo umebeba mabati, kampuni inasema misumari ilikuwa na kutu. Nikamwambia, mzee wangu, kwenye paa maswali ni matatu na yanafuatana. Siku hiyo upepo ulikuwa wa dhoruba kweli? Hasara ni ya aina ambayo dhoruba inafanya? Na je, dhoruba ndo chanzo kikuu, au upepo ulikuja tu kuonyesha paa lililokuwa limeshakufa? Misumari yenye kutu inajibu kipande cha swali la tatu tu, na wao wameanzia hapo wakaishia hapo. Nikamuuliza, majirani zako mabati yao yalitoka? Akasema nyumba nne, na mbili ni mpya hazina hata miaka miwili. Hizo mbili mpya, nikamwambia, kazipige picha kesho kabla hawajazitengeneza, na uende kituo cha hali ya hewa ukaombe rekodi ya kasi ya upepo ya siku hiyo kwa maandishi. Akauliza na ile misumari yangu niifiche? Hapana mzee, iweke kwenye mfuko nayo, niletee nione kama kutu imefika ndani au imeishia kichwani.